Petroli chini ya ngazi ya bibi

Najua nimepotea, karibu miezi mitatu bila hata mstari mmoja. Kazi zilinizidi, na mradi niliokuwa nao ulinila usiku na mchana. Leo siandiki kuhusu programu wala seva. Naandika kuhusu petroli. Msinicheke, someni hadi mwisho, kwani wengi wenu mna jenereta na nina hakika mnafanya lile lile nililokuwa nikilifanya.

Nianze na usiku wenyewe. Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima zilipotea karibu nchi nzima. Ilikuwa kama saa nne kasorobo usiku. Mwaka ule na mwaka uliofuata tulipata giza la nchi nzima mara kadhaa, lakini lile la Agosti ndilo ninalolikumbuka, kwa sababu nilikuwa katikati ya kuhamisha hifadhidata ya mteja wa ng'ambo. Wanaojua kazi hii wanaelewa. Kazi kama hiyo huiachi nusu ukaenda kulala.

Mimi naishi Mji wa Kale, upande wa Kibokoni, katika nyumba ya bibi yangu. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe yenye boriti za mikoko. Chini kuna duka la mjomba la samaki wa barafu, juu tunakaa sisi. Nyuma kuna kiwanja kidogo kilicho wazi juu, na humo ndimo nilimoweka jenereta yangu ya petroli, ya kilovolti-ampea 2.5. Mtungi wa petroli niliuweka chini ya ngazi. Ulikuwa ule mtungi wa plastiki wa manjano uliokuwa na mafuta ya kupikia. Nani hana mtungi kama huo nyumbani kwake?

Nikaiwasha jenereta saa nne hivi. Tangi lake linabeba lita 15, lakini mimi siku zote nilikuwa natia lita tatu tatu, kwa hesabu ya kubana matumizi. Kwa mzigo wa friji, ruta, taa na laptopu, inakunywa karibu lita moja kwa saa. Fanyeni hesabu wenyewe. Saa saba usiku ikakohoa, ikazima.

Nikashuka mbio na simu mdomoni kama tochi. Nikauchukua mtungi, nikachukua chupa ya soda niliyoikata kitako iwe faneli, nikaanza kumimina. Chupa ikateleza. Petroli ikamwagika juu ya tangi, ikateremka ubavuni, na matone yakaangukia sailensa. Nikasikia "chsss", kama maji juu ya bamba la chapati, na moshi mweupe ukapanda usoni mwangu.

Haikuwaka. Ningeweza kuishia hapo na kusema alhamdulillahi.

Lakini jirani yetu, mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika vyumba vya injini vya meli, alikuwa dirishani kwa sababu ya joto. Akanipigia kelele: "Wafanyani wewe! Weka chini hiyo, toka hapo! Usiiguse!" Nikatoka. Akateremka na kanzu yake, akasimama nami mlangoni hadi harufu ilipopungua, hasemi neno. Kisha akaniuliza swali moja tu. "Huo mtungi wakaa wapi mchana?"

Nikamwambia chini ya ngazi.

Akanitazama. "Na bibi yako, Alhamisi jioni, chetezo akipitisha wapi?"

Hapo miguu ndiyo iliyolegea. Kila Alhamisi baada ya magharibi bibi huwasha makaa, hutia ubani na udi, na kukipitisha chetezo nyumba nzima. Huanzia chini, hupanda nacho ngazi kwa ngazi. Kwa miaka miwili nilikuwa nimemwekea bibi yangu petroli chini ya ngazi anayopanda na moto mkononi, na ngazi hiyo ndiyo njia yetu pekee ya kutokea.

Kinachowaka ni mvuke

Siku ya pili sikulala. Nilikaa nikasoma, kisha nikaenda barazani kwa yule mzee na maswali yangu. Jambo la kwanza nililolielewa ni kwamba nilikuwa nikiogopa kitu kisicho chenyewe. Nilidhani moto unaushika mtungi. Kumbe petroli ya maji maji yenyewe haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Na petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Sasa hapa Mombasa, ambapo hata usiku kuna joto, petroli iliyo wazi ni kama imeshajiandaa, inangoja cheche tu.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, karibu mara tatu au nne. Haupandi juu ukatokea dirishani kama moshi wa jikoni. Unateremka, unatambaa sakafuni kama maji, unaingia chini ya mlango na kutulia mahali palipo chini. Kwetu sisi mahali pa chini ni pale pale chini ya ngazi, na ukizidi unaingia dukani kwa mjomba, ambako kuna friji zenye swichi zinazojiwasha na kujizima.

Tena si lazima mvuke uwe mwingi. Ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa, tayari unaweza kuwaka. Mimi ni mtu wa hesabu, nikataka kujua: nikimwaga robo lita, yaani glasi moja, ikakauka yote, inaweza kujaza nafasi kiasi gani? Lita moja ya petroli ina uzito wa kama gramu 740. Nikachukua wastani wa gramu 100 kwa moli, na lita 25 za mvuke kwa kila moli katika joto letu:

```python
lita = 0.25
gramu = lita * 740
moli = gramu / 100
mvuke = moli * 25
print(mvuke / 0.014)
```

Jibu ni 3303, yaani lita elfu tatu na mia tatu za hewa inayoweza kuwaka. Nikachukua futi kamba nikapima chini ya ngazi yetu: upana mita 1, urefu mita 2, kimo kwa wastani mita 1.6. Hiyo ni mita za ujazo 3.2, sawa na lita 3200. Glasi moja ya petroli inakijaza kile chumba kizima! Hesabu hii ni ya kukadiria, kwani mvuke hausambai sawasawa, chini unakuwa mwingi na juu kidogo. Lakini kwa kazi yangu ilinitosha.

Pua ni mlinzi mzuri wa jambo hili kuliko tunavyodhani. Harufu ya petroli huisikia mapema sana, mvuke ukiwa kidogo mno kuweza kuwaka. Kwa hiyo ukisikia harufu mahali pa kuwekea mtungi, haina maana kwamba nyumba italipuka sasa hivi, ila ina maana moja isiyo na shaka: mtungi haujafunga. Lakini pua huchoka. Ukikaa nayo nusu saa huisikii tena. Mwulize anayeingia kutoka nje. Mimi nilikuwa nimeizoea harufu ile kwa miaka miwili, nikidhani ndivyo nyumba za zamani zinavyonuka.

Mtungi wenyewe

Yule mtungi wa manjano ulitengenezwa kubebea mafuta ya kupikia. Kifuniko chake hakikukusudiwa kuzuia mvuke, na petroli humlegeza mpira wake. Jua likipanda, petroli hutanuka na mvuke husukuma, mtungi unavimba kama puto. Jioni ukipoa unabonyea. Kila siku unavimba na kubonyea, na kila siku kifuniko kinaachia kidogo. Nenda kauangalie wako. Ukiona tumbo limetoka au kifuniko kinalia "psss" ukikilegeza, ndio huo.

Kisha kuna kufanana. Mtungi wa manjano nyumbani kwetu ni wa maji, ni wa mafuta ya kupikia, ni wa mafuta taa. Mtu akija usiku hakuna stima, akachukua mtungi usio wake akajazia jiko la mafuta taa, petroli ndani ya jiko lile ni bomu. Na chupa za soda ndizo mbaya zaidi, kwani mtoto anaona kinywaji. Kwa desturi za nchi kadhaa mtungi mwekundu ni wa petroli, wa manjano ni wa dizeli na wa buluu ni wa mafuta taa. Sasa kwetu nyekundu ni petroli, na haiingii kingine humo hata siku moja.

Nilinunua jerikeni ya chuma ya lita 10 yenye kifuniko cha kubana. Hapa niwape hadithi fupi, maana niliipenda. Jerikeni ya chuma ilibuniwa na jeshi la Ujerumani miaka ya 1930, ya lita 20. Waingereza walipoiteka vitani wakaona ni bora kuliko makopo yao yaliyokuwa yakivuja jangwani, wakaiiga, na kwa kuwa Wajerumani walikuwa wakiwaita "Jeri", jina likabaki. Sisi tumelirithi neno, tukalipa mtungi wa plastiki, lakini tukaacha ubunifu wenyewe. Ile ya asili ina nundu sehemu ya juu, karibu na vishikio. Nundu ile hubaki na hewa hata ukijaza hadi mdomoni, ili mafuta yapate nafasi ya kutanuka.

Nafasi hiyo si mapambo. Lita 20 za petroli zikipata joto la nyuzi 18 zaidi, kwa mfano kutoka nyuzi 27 kituoni hadi 45 penye jua, zinaongezeka karibu theluthi moja ya lita. Ukiwa umejaza hadi juu, theluthi hiyo itatafuta pa kutokea. Mimi lita 10 huzijazi, natia tisa na nusu.

Na unapojazisha kituoni, mtungi uwe chini, sakafuni. Usijaziwe ukiwa juu ya boda boda, ndani ya tuktuk wala kwenye buti la gari. Mafuta yakipita kwenye mpira hujenga umeme tuli, na mtungi uliokaa juu ya zulia au plastiki hauna pa kuupeleka umeme huo. Ukiwa ardhini na mdomo wa pampu ukigusa mdomo wa mtungi, umeme unapata njia. Ni jambo la sekunde tano tu, kushusha na kupakia.

Na dizeli je?

Mjomba aliposikia habari zangu alicheka. Yeye ana jenereta ya dizeli kwa ajili ya mafriji yake, na mapipa mawili ya plastiki nyuma ya duka. "Dizeli haiwaki," akaniambia, "tupa kiberiti ndani kitazimika."

Ni kweli nusu. Dizeli haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipashwe moto zaidi ya nyuzi 50. Kwa hiyo dizeli iliyokaa ndani ya pipa kivulini ni ya kuaminika kuliko petroli, na kama unaweza kuchagua kitu cha kuweka nyumbani, dizeli ni afadhali.

Lakini yule mzee wa meli alikuwa kimya barazani akisikiliza. Akamwambia mjomba, "Bwana, meli zote zatembea kwa dizeli na mafuta mazito. Wadhani vyumba vya injini vyaungua kwa nini?" Akatueleza kwamba moto mwingi wa chumba cha injini huanza hivi: mrija wa mafuta unapasuka, mafuta yanarushwa juu ya bomba la ekzosi lenye moto, basi. Hakuna kiberiti, hakuna cheche. Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, ule wa Solas, unataka kila sehemu ya injini inayopita nyuzi 220 na inayoweza kurukiwa na mafuta ifunikwe kwa kizuia joto.

Nikaenda kutafuta mwenyewe, na hili lilinishangaza. Joto ambalo mafuta hujiwakia yenyewe bila cheche, kwa dizeli ni kama nyuzi 210 hadi 250. Kwa petroli ni zaidi, kama 250 hadi 280. Yaani penye chuma cha moto, dizeli ndiyo inayowaka kwa wepesi zaidi! Kwa hiyo usalama wa dizeli ni wa pipani. Ukiimimina juu ya ekzosi ya moto, umepoteza faida yote uliyokuwa nayo.

Mjomba hakucheka tena. Siku hizi pipa lake liko ndani ya beseni kubwa la chuma linaloweza kubeba mafuta yote likivuja, na matambara yenye dizeli anayaanika nje badala ya kuyarundika nyuma ya friji.

Kwa nini sikuungua

Hapa ndipo kiini cha habari. Kwa nini yale matone hayakuwaka usiku ule?

Nimeazima kipimajoto cha bastola kwa fundi wa friji nikapima sailensa yangu. (Ukipima chuma king'aacho kitakudanganya, kitasoma chini. Pima penye masizi au rangi nyeusi.) Baada ya saa moja ya mzigo wa kawaida nilizima, nikapata hivi:

Ilipozimwa tu, sailensa ilikuwa nyuzi 214, tangi 41. Baada ya dakika 5 sailensa 139, tangi 46. Dakika 10, sailensa 97. Dakika 15, 70. Dakika 20, sailensa 55 na tangi likarudi 43. Hewa ya kiwanjani ilikuwa nyuzi 29.

Angalieni tangi. Halikupoa lilipozimwa, lilipanda! Injini hizi ndogo hupozwa na feni iliyofungwa kwenye injini yenyewe. Ukizima, feni inasimama, na joto lote lililo ndani ya chuma linapanda juu, kwenye tangi. Kwa hiyo dakika tano za kwanza baada ya kuzima ndizo mbaya kuliko zote: chuma kingali cha moto, hakuna upepo, petroli ndani ya tangi inazidi kutoa mvuke. Na hizo ndizo dakika ambazo sisi sote tunafungua kifuniko.

Sasa nyuzi 214 ziko chini ya 250. Tena chuma kilicho wazi huhitaji joto kubwa zaidi ya hilo la vitabuni, kwa sababu mvuke unapaa na kuondoka kabla haujawaka. Ndiyo maana nilisikia "chsss" bila moto. Lakini bomba ndani ya sailensa ni la moto kuliko ganda lake la nje. Chembe ya masizi inayowaka ikitoka, waya wa plagi uliochubuka ukitoa cheche, mtu akibonyeza swichi ya taa ya kiwanjani, hesabu inabadilika.

Wenzangu wa programu mtaijua hitilafu hii. Ni ile inayotokea pale tu mambo mawili yanapokutana kwa saa mbaya. Unaijaribu programu mara elfu, inakwenda. Unaipeleka kwa mteja, unasema imejaribiwa. Mara ya elfu na moja inaanguka, na ukiifungua unakuta kosa lilikuwamo tangu siku ya kwanza. "Nimefanya hivi miaka yote na haijawaka" ni sentensi ile ile. Haithibitishi kwamba njia ni salama. Inaeleza tu kwamba yale mawili hayajakutana bado.

Dawa ya haraka ni betri

Nikajiuliza pia, kwa nini nilimimina ikiwa moto? Nilijua ni vibaya. Maandishi yamebandikwa kwenye jenereta yenyewe. Nilimimina kwa sababu ruta ilikuwa imezima na kazi ya mteja ilikuwa inaning'inia. Nisingengoja dakika 20 hata mngenifunga kamba. Kwa hiyo kujiambia "siku nyingine nitakuwa na subira" si dawa. Saa saba usiku subira haipo.

Dawa niliyoipata ni kuifanya ile haraka isiwepo. Laptopu yangu ina betri ya saa tatu. Nikanunua betri ndogo ya ruta, inayoishikilia kwa saa moja na zaidi. Friji ikifungwa haijali nusu saa. Basi sasa jenereta ikizima, kazi yangu haisimami, na dakika 20 za kungoja hazinigharimu chochote.

La pili, naanza usiku na tangi likiwa limejaa, na ninalijaza likiwa baridi, mchana, kuna mwanga, mikono miwili iko huru. Tangi likiwa na lita 13 au 14 (silifikishi shingoni, linahitaji nafasi kama mtungi) napata usiku mzima bila kulifungua. Kutia lita tatu tatu kulikuwa ni kupanga mwenyewe kwamba petroli iishe usiku wa manane injini ikiwa imechemka.

La tatu, kama ni lazima kujaza katikati, sisubiri ifike kuisha. Naondoa mzigo kwanza, naiacha izunguke tupu dakika tatu nne ili feni iipoze, kisha nazima na kufunga koki. Naweka saa ya simu dakika 20. Nikirudi sigusi, napeleka mgongo wa mkono karibu na sailensa. Nikisikia joto linanipiga, naongeza dakika 10. Kifuniko nakilegeza polepole, nangoja kipumue, ndipo nakifungua. Faneli ni ya kweli yenye chujio, taa ni ya kichwani na nimeiwasha kabla sijafika. Kikimwagika kitu, nafuta, tambara linakaa nje, na siwashi mpaka chuma kikauke na harufu iishe. Mtungi unarudi mahali pake kwanza, ndipo navuta kamba.

Mahali pake

Mahali pake sasa ni pembe ya kiwanja iliyo mbali na jenereta na mbali na mlango, penye kivuli siku nzima. Fundi wa vyuma alinitengenezea kizimba cha wavu chenye kufuli, kilicho wazi chini na juu ili mvuke usitulie. Ndani kuna sinia la chuma lenye mchanga. Ndoo ya mchanga iko mlangoni, na kizimamoto cha unga kiko ndani ya nyumba upande wa kutokea, kwa kuwa kikiwa karibu na petroli hutakifikia. Maji hayazimi moto wa petroli, yanaubeba tu na kuusambaza.

Siweki zaidi ya lita 10. Mitaa yetu mnaijua, vichochoro vingine mkokoteni unapita kwa taabu, seuze gari la zimamoto. Nyumba zimeegemeana na boriti ni kavu. Nikiunguza yangu nimeunguza na ya jirani.

Kila mtungi una utepe wenye tarehe niliyonunua. Iliyotangulia kuingia ndiyo inatangulia kutoka, foleni ya kawaida. Petroli kwa joto letu sipitishi miezi mitatu. Ikianza kunuka kama rangi badala ya ule ukali wake, imezeeka, itaacha gundi ndani ya kabureta. Dizeli ya mjomba inakaa zaidi, lakini unyevu wetu wa pwani huingiza maji, na kati ya maji na dizeli huota utando mweusi. Yeye huchota kidogo kutoka chini ya pipa, akaweka kwenye chupa ya kioo usiku kucha. Asubuhi akiona mstari, anajua kuna maji.

Na wale mnaokaa ghorofa ya tatu bila kiwanja wala baraza la nje? Nimefikiri sana, na jibu langu ni kwamba hamna pa kuweka petroli. Chini ya kitanda si mahali, jikoni si mahali, ngazini ndio kabisa. Nunueni betri. Hata jenereta yenyewe haina pa kukaa humo, kwani moshi wake una gesi inayoua bila harufu, tena bila kelele.

Bibi hakuambiwa yote. Alichoona ni kwamba chini ya ngazi pamekuwa peupe, akaweka viatu vyake vya kuendea harusini. Alhamisi iliyofuata nilikaa ngazini nikamngoja. Akapanda na chetezo chake, ubani unafuka, akasimama kunifukiza kichwani kama nilipokuwa mdogo.

"Leo hapanuki ile harufu ya gari," akasema. Kisha akaendelea kupanda.

Picha za kizimba nitaziweka nikipata nafasi. Tukutane tena, inshallah isiwe baada ya miezi mitatu :-)